Kompyuta inasema 28, shelfu ina 24: kutafuta chanzo kwenye bidhaa zilizorudi na zilizoharibika

Jumamosi moja jioni niliitwa kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Mwenye duka alikuwa amehesabu pasi mara tatu. Kompyuta ilimwambia ana pasi 28, lakini shelfuni zilikuwa 24. Kijana anayeuza alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Mama, mimi sijachukua hata moja."

"Sasa zimekwenda wapi, mwanangu? Zimeota miguu?"

Pasi moja duka linanunua kwa shilingi 18,000 na kuuza 25,000. Pasi nne ni shilingi 72,000 kwa bei ya kununulia, na mama alikuwa ameshafikiria kuzikata kwenye mshahara wa kijana. Nilimwomba anipe saa mbili. Kabla ya kumwuliza mtu yeyote swali, niliuliza kuhusu bidhaa zilizorudi wiki ile. Kwa uzoefu wangu wa kutunza hesabu za maduka madogo, upungufu wa bidhaa ndogo za umeme huanzia hapo mara nyingi kuliko kwenye mkono wa mtu. Nimeshaona vijana wakikatwa mishahara kwa mali ambayo ilikuwa chini ya kaunta muda wote, na jambo hilo linaniuma.

Ukielewa jambo moja, dalili zote zilizo hapa chini zitasomeka kwa urahisi. Mteja anaporudisha kitu, yanatokea matukio mawili na si moja. Mzigo unahama kutoka kwake kuja kwako, na pesa inahama kutoka kwako kwenda kwake. Mara nyingine linatokea la kwanza bila la pili, kama pale unapombadilishia pasi mbovu kwa nzima bila kumrudishia shilingi. Programu nyingi za mauzo huyafunga yote mawili kwenye kitufe kimoja: ukibonyeza "Refund", inaongeza bidhaa kwenye stoki na kutoa pesa kwenye hesabu ya njia aliyolipia mteja, droo au M-Pesa, kwa mkupuo, hata kama dukani kimetokea kimoja tu. Hapo ndipo kompyuta na duka zinapoanza kuachana.

Wiki ilivyokwenda

Tulikaa chini tukaikumbuka wiki, tukitumia nakala za risiti, jumbe za M-Pesa na kumbukumbu ya kijana. Jumatatu asubuhi zilikuwepo pasi 40. Mpaka Jumamosi ziliuzwa 15: kumi na nne kwa shilingi 25,000, na moja kwa 23,000 baada ya mteja kuomba apunguziwe.

Yule aliyepunguziwa alirudisha pasi yake kesho yake, boksi halijafunguliwa, akapewa pesa taslimu. Mteja wa pili alileta pasi isiyopata moto, akapewa nyingine nzima. Wa tatu alikuwa amelipa kwa M-Pesa. Pasi yake waya ulikuwa unakatakata, akataka pesa yake, na kijana akampa 25,000 kutoka kwenye droo kwa sababu simu ya duka ilikuwa kwa mama. Siku ya nne pasi ilianguka wakati wa kupanga shelfu, bamba likapinda. Ijumaa pasi mbili zilizorudishwa na wateja zikapelekwa kwa msambazaji, dereva akaacha kikaratasi.

Kwenye kompyuta kijana alibonyeza kurudisha mara tatu, mara moja kwa kila mteja. Basi. Mengine yote hayakuandikwa. Arobaini ukitoa kumi na tano ukaongeza tatu, unapata 28.

Dalili ya kwanza: kompyuta ina nyingi kuliko shelfu

Hii ndiyo iliyotuita siku ile, na ina vyanzo vitatu vinavyopaswa kuchunguzwa kwa mpangilio.

Chanzo cha kwanza ni bidhaa mbovu iliyoingizwa kwenye stoki kana kwamba ni nzima. Unapobonyeza kurudisha, kwenye programu nyingi kuna kisanduku kilichoandikwa "Restock", na mara nyingi huwa kimeshatiwa tiki. Ukikiacha, kompyuta inaamini kuwa pasi imerudi shelfuni, tayari kuuzwa, kumbe iko kwenye boksi chini ya kaunta. Namna ya kukijua chanzo hiki ni nyepesi: hesabu vitu vibovu vyote vilivyopo dukani, ongeza vilivyopelekwa kwa msambazaji, kisha angalia vingapi kati ya hivyo vilipitia kitufe cha kurudisha. Kwetu vilikuwa viwili. Nusu ya upungufu ikawa imepatikana.

Chanzo cha pili ni mabadilishano. Mteja alileta pasi mbovu, kompyuta ikaongeza moja. Akaondoka na pasi nzima, na hiyo hakuna aliyeiandika, kwa kuwa muuzaji haoni kama ameuza kitu. Kosa hili ni gumu kulishika kwa sababu halina harufu ya pesa: hakuna shilingi iliyopita kwenye droo, kwa hiyo hakuna anayekumbuka. Dalili yake ni risiti ya kurudisha ambayo haina pesa iliyotoka kweli. Kila ukiona moja ya namna hiyo, tafuta bidhaa iliyotoka badala yake.

Chanzo cha tatu ni kilichoharibikia mikononi mwenu wenyewe. Pasi iliyoanguka haina mteja wala risiti, haina chochote kwenye kompyuta. Karatasi haziwezi kukuonyesha, ila macho yanaweza. Tuliipata ile yenye bamba lililopinda nyuma ya mafeni. Kijana aliogopa kusema, na sikumlaumu: duka ambalo mtu akisema "imenidondoka" anakatwa hapo hapo, ni duka ambalo vitu vitafichwa.

Mbovu mbili zilizohesabiwa kama nzima, nzima moja iliyotoka kwa mabadilishano, moja iliyoanguka. Jumla nne. Ndipo mama akavuta kiti akakaa.

Dalili ya pili: shelfu ina nyingi kuliko kompyuta

Watu huifurahia hii, na hawapaswi. Mara nyingi maana yake ni kwamba mteja alirudisha bidhaa nzima, akapewa pesa mkononi, na bidhaa ikarudishwa shelfuni bila kubonyeza chochote. Siku hiyo hiyo droo itakuwa imepungua kwa bei ya bidhaa ile ile. Ukikuta ziada ya kitu kimoja upande huu na upungufu wa bei yake upande ule, usitafute zaidi.

Chanzo kingine ni mbadala kutoka kwa msambazaji uliowekwa shelfuni bila kuandikwa. Hapo droo haiguswi, kwa hiyo linganisha na vikaratasi vya dereva.

Dalili ya tatu: droo inalingana sawasawa, lakini M-Pesa imezidi

Kwenye duka la mama, droo ya wiki ile ililingana hadi shilingi ya mwisho. Alinionyesha kama ushahidi kwamba upande wa pesa hauna tatizo. Lakini salio la Lipa Namba lilikuwa limezidi hesabu ya kompyuta kwa shilingi 25,000.

Angalia kilichotokea. Mteja wa mabadilishano hakupewa pesa, lakini kompyuta ilitoa 25,000 kwenye hesabu ya droo. Kwa hiyo droo ilipaswa kuonekana imezidi kwa 25,000. Mteja wa M-Pesa alilipwa taslimu, lakini kompyuta ilidhani amerudishiwa kwa njia ile ile aliyolipia. Kwa hiyo droo ilipaswa kuonekana imepungua kwa 25,000. Makosa mawili yakafunikana, droo ikatulia, na alama pekee iliyobaki ikawa ile ziada ya kwenye simu.

Ndiyo maana siamini droo inayolingana mpaka nione na njia nyingine za malipo zinalingana, kila moja peke yake. Ziada kwenye M-Pesa yenye bei kamili ya bidhaa fulani ni dalili ya marejesho yaliyolipwa kwa njia tofauti na iliyoandikwa. Chukua tarehe, fungua orodha ya marejesho ya siku hiyo, ulizia kila moja ililipwaje.

Dawa ni kumrudishia mteja kwa njia aliyolipia. Ikishindikana, andika njia iliyotumika kweli, papo hapo, kabla mteja hajatoka mlangoni. Na ukimtumia kwa simu, makato ya kutuma yaandikwe kama gharama ya duka kwenye mstari wake. Ukiyachanganya na marejesho, mauzo ya 25,000 yatafutwa kwa kiasi kisicho 25,000, na hutajua tofauti imetoka wapi.

Dalili ya nne: kila kitu kinalingana, ila faida haieleweki

Kumbuka yule aliyenunua kwa 23,000. Alikuja bila risiti, kijana akatafuta pasi kwenye orodha ya bei, kompyuta ikasema 25,000, naye akampa 25,000. Droo ikalingana na kompyuta kwa sababu zote mbili zilikubaliana kwenye kosa lile lile. Duka likapoteza 2,000 na hakuna hesabu iliyopiga kelele.

Kosa hili hutalipata kwa kuhesabu stoki wala kwa kuhesabu pesa. Linaonekana kwa njia moja tu: kila marejesho yafungwe kwenye risiti ya mauzo ya awali, na kiasi kinachorudishwa kisizidi kile kilicholipwa kwenye risiti hiyo. Mteja akiwa hana risiti, itafute wewe kwa tarehe, bidhaa na namba yake ya simu kama alilipa kwa M-Pesa. Kwenye bidhaa zenye namba ya utambulisho, iandike namba hiyo wakati wa kuuza. Itakusaidia pia siku mtu atakapokuletea pasi chakavu ya duka lingine ndani ya boksi lako.

Upande wa pili wa dalili hii ni hasara inayohesabiwa mara mbili. Mama alikuwa na daftari la hasara, na kwa ile pasi ya waya unaokatakata alikuwa ameandika 25,000 alizorudisha pamoja na 18,000 ya pasi iliyoharibika. Jumla 43,000 kwa pasi moja! Lakini fikiria: kabla ya kuuza ulikuwa na pasi ya 18,000. Uliuza, ukapokea 25,000, ukazirudisha. Upande wa pesa umerudi pale pale ulipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba pasi yako sasa ni mbovu. Hasara kubwa kabisa unayoweza kuipata ni 18,000, na msambazaji akikubali kukubadilishia, hakuna hasara. Marejesho hupunguza mauzo. Yasiandikwe tena kama gharama. Hasara iandikwe siku unapoamua kuwa kitu hakiuziki wala hakirudishiki, na iwe kwa bei uliyonunulia.

Dalili ya tano: hesabu ya siku iliyofungwa imebadilika

Ukifungua leo ripoti ya Jumanne na kukuta mauzo yamepungua kuliko yalivyokuwa Jumanne jioni, mtu amefuta risiti ya zamani badala ya kuandika marejesho mapya. Kwa maduka yanayotumia mashine ya EFD, utaligundua haraka: risiti iliyokwisha kutoka haifutiki kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo ripoti ya Z ya Jumanne, yaani ile ya kufungia mauzo ya siku, itabaki na mauzo yale ya awali wakati kompyuta imeyameza.

Marejesho yawe tukio la siku yalipotokea, yakitaja namba ya risiti ya zamani. Kama duka limesajiliwa kwa VAT, marejesho yanahitaji hati yake ya marekebisho, wengi huiita kredit noti, ili kodi nayo ipungue. Kwenye pasi ya 25,000 kwa kiwango cha asilimia 18, kodi iliyomo ndani ni kama shilingi 3,814. Ukimrudishia mteja pesa yote bila hati, unabaki umebeba kodi ya mauzo ambayo hayapo tena.

Daftari lililoyanyoosha

Sikumwongezea mama programu nyingine. Nilimfungulia jedwali lenye safu tano, ambalo siri yake ni safu mbili za katikati: kila mzigo unaohama lazima utaje ulipotoka na unapokwenda. Majina ya mahali ni machache. SHELFU ni kinachouzika. KANDO ni kreti jekundu chini ya kaunta, mahali pa kila kitu kibovu au chenye mashaka. MSAMBAZAJI ni kilichopelekwa na hakijajibiwa. MTEJA ni kilichouzwa. IMEFUTWA ni kilichotoka kabisa kwenye hesabu ya duka bila kuuzwa kama kizima. Wiki ile ikiandikwa hivi, inasomeka yenyewe:

```
Bidhaa  Idadi  Kutoka   Kwenda      Maelezo
PASI    40     MWANZO   SHELFU      hesabu ya Jumatatu
PASI    15     SHELFU   MTEJA       mauzo ya wiki
PASI    1      MTEJA    SHELFU      boksi halijafunguliwa
PASI    1      MTEJA    KANDO       haipati moto
PASI    1      SHELFU   MTEJA       mbadala wa hiyo ya juu
PASI    1      MTEJA    KANDO       waya unakatakata
PASI    1      SHELFU   KANDO       imeanguka dukani
PASI    2      KANDO    MSAMBAZAJI  zimepelekwa Ijumaa
```

Ukianza na Bidhaa kwenye safu A, salio la shelfu linapatikana kwa fomula hii, na kwa mahali pengine unabadilisha neno SHELFU tu:

```
=SUMIFS(B:B,A:A,"PASI",D:D,"SHELFU")-SUMIFS(B:B,A:A,"PASI",C:C,"SHELFU")
```

Shelfu inatoa 24, kreti 1, msambazaji 2, wateja 13. Jumla 40, zile zile za Jumatatu. Jumla ikitofautiana na ulizoanza nazo pamoja na ulizopokea, kuna mstari ambao upande mmoja umeandikwa jina la mahali kimakosa. Jumla ikiwa sawa lakini mahali fulani pakatofautiana na ulichohesabu kwa mkono, kuna mzigo uliohama bila kuandikwa, na unajua tayari uanzie mahali gani.

Kila kinachoingia kwenye kreti jekundu kinafungwa kikaratasi: tarehe, namba ya risiti, tatizo, na aliyekipokea. Kisicho na kikaratasi hakilali kwenye kreti. Jedwali lina mpaka wake pia: halizuii wizi. Linachofanya ni kuondoa sababu zote zisizo wizi, ili tofauti itakayobaki baada ya hapo iwe tofauti ya kweli.

Kurekebisha kilichokwisha kuharibika

Mama alitaka kufuta 28 na kuandika 24 tumalize. Nilimzuia. Ukibadilisha namba kwa mkono, shelfu italingana, lakini ile 25,000 ya M-Pesa itabaki bila maelezo na pasi mbili zilizo kwa msambazaji zitapotea kwenye kumbukumbu kabisa, jambo ambalo msambazaji hatakuwa na haraka ya kukukumbusha.

Tuliingiza kila tukio kwa tarehe ya siku ile ya Jumamosi, likiwa na maelezo ya lilipotokea. Pasi mbili zilizorudi mbovu tulizitoa kwenye stoki inayouzika. Ile iliyoanguka tukaitoa pia. Mbadala aliopewa mteja wa pili tukauandika kama mauzo ya 25,000 ya taslimu, ili yakutane na marejesho ya 25,000 ambayo hayakuwahi kulipwa. Marejesho ya mteja wa tatu tukayahamisha kutoka M-Pesa kwenda taslimu. Baada ya hapo kompyuta ilisoma 24, droo ikaendelea kulingana, na ziada ya kwenye simu ikaisha. Ile 2,000 tuliiandika kama hasara, kwa sababu mteja alikuwa ameshakwenda nayo.

Jumatano iliyofuata msambazaji alijibu. Pasi moja aliibadilisha kwa mpya, tukaiandika MSAMBAZAJI kwenda SHELFU, si kama mzigo mpya ulionunuliwa, maana ukiandika hivyo utajiongezea deni la 18,000 usilodaiwa. Ya pili hakuwa na ya kubadilisha, akakubali kukata 18,000 kwenye deni la duka. Hiyo tukaitoa MSAMBAZAJI kwenda IMEFUTWA, na deni likapunguzwa siku hiyo hiyo kwa kiasi hicho, namba ya kikaratasi cha dereva ikiwa pembeni. Ile yenye bamba lililopinda hakuipokea. Mama aliiuzia fundi kwa vipuri, shilingi 5,000, na kwenye daftari la hasara ikaandikwa 13,000 kwa jina la duka. Mshahara wa kijana haukuguswa.